Milioni moja ya maisha yote au milioni nne za miaka ishirini?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 31, mama wa watoto wawili, msichana wa miaka 7 na mvulana wa miaka 2. Naishi Mikindani hapa Mombasa na ni karani wa bohari katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Mshahara wangu ni shilingi 45,000, mkononi napata kama 35,900. Baba yao tuliachana na hatoi matumizi. Mamangu yuko Kaloleni, namtumia 4,000 kila mwezi.

Ajenti wa bima alikuja kazini akaniachia karatasi mbili. Ya kwanza ni bima ya maisha yote: nalipa 2,000 kwa mwezi hadi nifike miaka 60, nikifa wakati wowote wanalipa milioni moja na bonasi, na nikikwama naweza kuivunja nipate pesa. Ya pili ni ya miaka 20 tu: nalipa 1,640 kwa mwezi, nikifa ndani ya miaka hiyo wanalipa milioni nne, nikiwa hai sipati kitu. Yeye ananisukuma kwenye ile ya kwanza. Anasema ya pili ni kutupa pesa, na kwamba ya kwanza itanipunguzia kodi na ni akiba. Kazini tuna bima ya kikundi ya mshahara wa miaka miwili, fomu yake nilijaza nilipoajiriwa miaka minne iliyopita. Kwenye sacco nina akiba ya 120,000 na mkopo uliobaki ni 80,000.

Tena, nilipokuwa na mimba ya huyu mdogo nilipata presha, ikaisha baada ya kujifungua. Ajenti ameniambia nisiandike, eti nitajiharibia. Pale pa wanufaika nimeandika majina ya wanangu. Nimekutumia picha za karatasi zote. Anakuja kuchukua fomu Ijumaa. Nitie sahihi wapi?

Mama wa wawili, Mikindani

*

Marahaba, mwanangu. Tia sahihi kwenye ile ya miaka ishirini, ila si Ijumaa hii, kwa sababu fomu yenyewe ina mambo mawili ya kurekebisha kwanza. Nitayafikia.

Nimefanya kazi ya kupima maombi ya bima za maisha kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mafaili yaliyoniumiza zaidi hayakuwa ya watu wasio na bima. Yalikuwa ya wazazi waliokuwa wakilipa kila mwezi bila kukosa, kisha siku ya siku malipo yakatoka na yasifikishe watoto popote. Kwa hiyo tusianze na aina ya bima. Tuanze na swali ambalo ajenti wako hakukuuliza: ukiondoka leo, watoto hawa wanahitaji pesa ngapi, na kwa miaka mingapi?

Chukua daftari. Kodi ya nyumba yako, nauli yako ya kwenda kazini na chakula chako wewe mwenyewe viondoe, hivyo vinaondoka nawe. Weka yanayobaki: chakula cha watoto, mavazi, matibabu, karo. Mimi nimekadiria 9,000 kwa mwezi kwa kila mtoto, ukichanganya miaka ya shule ya msingi iliyo nafuu na ile ya sekondari na chuo iliyo mizito. Wewe unayajua matumizi yako, ubadilishe ukiona nimekosea. Hiyo ni 108,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Msichana anahitaji kulelewa hadi afike miaka 22, yaani miaka 15 kutoka sasa, nayo ni 1,620,000. Mvulana ana miaka 20 mbele yake, nayo ni 2,160,000. Mama yako, tuseme 4,000 zake ziendelee kwa miaka 15, ni 720,000. Jumla milioni nne na nusu.

Najua kuna atakayesema nimesahau kupanda kwa bei. Sikusahau. Nimezidisha hivi kavukavu kwa kuchukulia kwamba atakayezishika fedha hizo ataziweka mahali zinapopata faida inayokaribiana na kupanda kwa bei, kwa mfano kwenye hati fupi za serikali au mfuko wa soko la fedha, huku akitoa kidogokidogo. Zikikaa chini ya godoro, hesabu hii haitoshi.

Sasa pima karatasi ya kwanza kwa kipimo hicho. Matumizi ya wote watatu ni 22,000 kwa mwezi, yaani 264,000 kwa mwaka. Milioni moja inayabeba kwa miaka mitatu na miezi tisa, hapo kama hakuna hata shilingi iliyokwenda kwenye mazishi na matanga. Pesa zikiisha msichana yuko gredi ya tano hivi na mvulana hajatimiza miaka sita. Milioni nne zinakwenda miaka kumi na mitano kwa matumizi hayohayo. Nusu milioni iliyopungua kwenye hesabu yetu inaweza kuzibwa na akiba ya sacco na bima ya kazini, na hata isipozibwa yote, watoto watakuwa wamefika mbali.

Tofauti hiyo haitokani na ukarimu wa kampuni kwenye karatasi ya pili. Inatokana na jambo lililo wazi kwa kila anayepanga bei za bima. Mtu wa miaka 31 mwenye afya, uwezekano wa kufa kabla ya miaka 51 ni mdogo, kwa hiyo kampuni inaweza kuahidi kiasi kikubwa kwa mchango mdogo. Bima ya maisha yote haina swali la kama italipa, ni lini tu, maana kila mtu atakufa. Kampuni lazima ikusanye kutoka kwako sehemu kubwa ya pesa itakayolipa baadaye, ndiyo maana kila shilingi ya mchango inanunua kinga ndogo. Kwenye karatasi zako, ukitaka milioni nne kwa bei ya ile ya maisha yote, ungelipa 8,000 kwa mwezi, zaidi ya humusi ya mshahara unaoingia mkononi. Huwezi, na ajenti anajua huwezi, ndiyo maana akakushusha hadi milioni moja badala ya kukuonyesha bei ya kinga unayoihitaji.

Hapo ndipo wazazi wengi wa kipato cha kawaida wanapokosea njia. Wanalinganisha 2,000 na 1,640, wanaona ni kama bei moja, kisha wanauliza ipi inarudisha pesa. Ulinganisho wa haki ni kinga kwa kinga.

Tuje kwenye neno lake kwamba ukiwa hai baada ya miaka ishirini umetupa pesa. Kila mwezi hati yako ya mshahara inaonyesha makato ya SHIF. Mwaka ukipita bila mtoto kulazwa, huendi kuyadai. Ulilipia kutokuwa na hofu ya bili ya hospitali mwaka huo, na hukuwa nayo. Bima ya muda maalum ni ya namna hiyo. Unalipia miaka ambayo kifo chako kingewaacha watoto bila mlo, na miaka hiyo ina mwisho. Ukifika 51, mvulana ana miaka 22 na dada yake 27. Wakati huo kifo chako kitawaliza, lakini hakitawatoa shuleni.

Na lile la akiba? Fungua picha uliyonitumia ya karatasi ya kwanza, ukurasa wa tatu, jedwali la thamani ya kuvunja mkataba. Mwaka wa kwanza na wa pili pameandikwa sifuri. Mwisho wa mwaka wa tatu umeshalipa 72,000 na ukivunja unapewa 21,000. Mwaka wa tano umelipa 120,000, unapewa 54,000. Mwaka wa kumi umelipa 240,000, unapewa 168,000. Pesa iliyopotea katikati si wizi. Imelipa kinga ya miaka hiyo, gharama za kampuni, na kamisheni ya ajenti, ambayo mwaka wa kwanza ndiyo huwa kubwa kuliko miaka yote. Lakini akiba ambayo ukiihitaji mwaka wa tatu inakurudishia chini ya theluthi haifai kuitwa akiba kwa mtu mwenye mshahara wako. Wewe ukikwama, unakwama mwezi huu, kwa karo au kwa mtoto mgonjwa. Akiba yako ni ile ya sacco.

Angalia pia safu mbili za mwisho za jedwali hilo. Moja imeandikwa thamani iliyohakikishwa, nyingine thamani pamoja na bonasi inayotarajiwa. Ajenti huweka kidole kwenye hiyo ya pili. Bonasi ikishatangazwa na kuongezwa kwenye bima yako ni yako, lakini zile za miaka ijayo hazijaahidiwa. Zinategemea kampuni itapata faida gani. Usipange karo ya mtu kwa safu ya pili.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalipigi hesabu, thamani ya hiyo milioni yenyewe. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, milioni moja itakayolipwa ukiwa na miaka 65 itanunua kile ambacho leo unanunua kwa shilingi kama 138,000. Bonasi zipo ili kuziba pengo hilo, na kwenye kampuni nzuri zinaziba kiasi. Utauliza, je, milioni nne zangu nazo si zitaliwa na bei vilevile? Zitaliwa, lakini na mahitaji yako yatapungua. Baada ya miaka kumi, kwa bei kupanda hivyohivyo, milioni nne zitakuwa na nguvu ya milioni 2.2 za leo. Wakati huo msichana amebakiza miaka mitano, mvulana kumi, na mama yako mitano kwa hesabu yetu ya mwanzo. Mahitaji yaliyobaki ni kama milioni 1.9 kwa pesa ya leo. Bado kinga inatosha.

Kuhusu kodi, ajenti amekuambia kweli nusu. Nchini Kenya anayelipia bima ya maisha yake mwenyewe, ya mwenzi wake au ya mtoto wake hupata nafuu ya asilimia 15 ya mchango kwenye kodi ya mshahara, isiyozidi shilingi 5,000 kwa mwezi. Kwa 2,000 ungepata 300. Nusu aliyoiacha ni kwamba bima ya muda maalum nayo ni bima ya maisha, na nafuu hiyo inaihusu. Kwa 1,640 unapata 246, kwa hiyo gharama yako halisi inashuka hadi 1,394 kwa mwezi. Uombe kampuni ya bima hati ya kuthibitisha mchango, uipeleke kwa anayetengeneza mishahara. Usipoipeleka, nafuu haiji yenyewe.

Sitakuambia tofauti ya shilingi mia tatu na kitu uiwekeze utajirike. Nimesikia washauri wakisema hivyo na kwa mshahara wako ni maneno matupu. Faida yako ni kwamba milioni nne zipo.

Sasa fomu. Ile presha ya mimba uiandike. Swali lipo wazi kwenye picha yako: je, umewahi kuambiwa na daktari kwamba una shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo. Neno ni umewahi. Ukijibu hapana, Ijumaa hakuna atakayekugundua, na mwezi wa kwanza hakuna, na mwaka wa tano hakuna. Kampuni hukagua siku ya madai. Mtu akifa kijana, hasa miaka ya mwanzo ya mkataba, wanaomba rekodi za hospitali, na kadi yako ya kliniki ya wajawazito ina kila kipimo na tarehe yake. Jibu la uongo kwenye swali hilo linawapa sababu ya kukataa kulipa. Aliyekushauri atakuwa ameshapata kamisheni yake zamani, na anayebaki kubishana na kampuni ni mama yako kutoka Kaloleni.

Kuandika ukweli hakukuharibii. Presha ya mimba iliyoisha ni jambo ambalo wapima maombi hukutana nalo kila mara. Watakachofanya ni kukuomba vipimo vya sasa, pengine barua ya daktari. Vipimo vikiwa sawa, mara nyingi bei haibadiliki au inaongezwa kidogo. Wakiongeza, tuseme 1,640 iwe 1,900, bado chukua. Tena soma majibu yote kwenye fomu kabla ya kutia sahihi, kwa sababu maajenti wengi hujaza wenyewe kwa haraka, na sahihi yako inayafanya kuwa maneno yako.

La pili ni majina ya watoto. Ni haki yao na wabaki, kila mmoja na asilimia yake, lakini majina peke yake hayatoshi. Mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kutia sahihi ya kupokea malipo. Siku ya madai kampuni itauliza ni nani anapokea kwa niaba yao, na kama hukusema, familia itaanza kuzunguka mahakamani kutafuta amri, au fedha ziangukie mikononi mwa Mdhamini wa Umma, na miezi inapita watoto wanakula kwa mkopo. Tena baba yao, hata kama hatoi matumizi, kisheria bado ni mzazi, na anaweza kujitokeza kuwa ndiye msimamizi wa mali ya wanawe.

Kwa hiyo muulize ajenti sehemu ya mdhamini wa wanufaika iko wapi, kwa kawaida ni mstari chini ya majina, na uandike mtu mzima unayemwamini kwa pesa. Nasema kwa pesa, maana anayefaa kulea si lazima awe ndiye anayefaa kushika milioni nne. Bibi yao anaweza kuwalea, na dada yako au kaka yako ashike hesabu. Kisha fanya wosia wa maandishi, mfupi tu, wenye mashahidi, unaomtaja huyohuyo na unaomtaja mlezi. Sheria ya Watoto ya 2022 inamruhusu mzazi kumteua mlezi kwa wosia. Haifuti haki za baba, lakini inampa mtu wako mahali pa kusimama.

Kabla ya kukubali, dai majibu ya maswali machache kwa maandishi. Je, mchango wa 1,640 haubadiliki miaka yote ishirini? Zipo bima za muda zinazohuishwa kila mwaka, bei inaanza chini na kupanda kadiri umri unavyosonga, na ajenti anaweza kukuonyesha bei ya mwaka wa kwanza tu. Je, milioni nne zinabaki milioni nne hadi mwisho? Ipo aina inayopungua kila mwaka, iliyotengenezwa kwa ajili ya mikopo ya nyumba, nayo haikufai. Je, una haki ya kuibadili iwe ya maisha yote baadaye bila kupimwa afya upya, na hadi umri gani? Haki hiyo ikiwepo ni ya thamani, kwa sababu kinachoiumiza bima ya muda ni kwamba ukipata maradhi makubwa ukiwa na miaka 45, ikiisha hutapata nyingine kwa bei ya kawaida. Na ukichelewa kulipa, una siku ngapi kabla bima haijakatika? Siku 30 ni kawaida, lakini zisome kwenye mkataba wako. Kwa vile wewe ni mwajiriwa, mchango ukatwe moja kwa moja kwenye mshahara. Ukiacha kazi, siku hiyohiyo panga njia nyingine ya kulipa, maana bima nyingi hufa hapo katikati bila mwenyewe kujua.

Kampuni yenyewe hakikisha imo kwenye orodha ya mwaka huu ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, na ajenti naye awe na leseni. Ni orodha ya wazi, mtu yeyote anaweza kuiangalia kwenye tovuti yao.

Wapo wasomaji watakaoniandikia kwamba ninaichukia bima ya maisha yote. Siichukii. Kama mvulana wako angekuwa na ulemavu unaomfanya ahitaji kutunzwa hata akiwa na miaka 40, ningekuambia bima ya miaka ishirini peke yake haitoshi, kwa sababu mahitaji yake hayana mwisho, na ningekutafutia angalau kiasi kidogo cha ile ya maisha yote juu ya ile ya muda. Na mtu ambaye kinga ya watoto ameshaikamilisha, ana akiba ya dharura, na bado anabaki na pesa kila mwezi anayotaka kuwaachia wajukuu, huyo aende, ina mahali pake. Kwako leo, kuichukua ni kuacha watoto nusu uchi ili upate kitu cha uzeeni.

Kwa wale ambao tayari wako ndani ya bima ya maisha yote na wamesoma hapa wakashtuka: msiivunje kesho. Anzeni kwa kupata ile ya muda, mpaka mshike mkataba mkononi, kwa sababu anayevunja ya zamani kwanza anaweza kukataliwa kwenye mpya akabaki hana hata moja. Kisha ombeni kampuni iwape takwimu mbili: mkivunja sasa mnapata kiasi gani, na mkisimamisha kulipa bila kuvunja, bima itabaki ya kiasi gani. Hilo la pili huitwa bima iliyolipiwa. Kiasi kinapungua lakini hamdaiwi mchango tena, na kwa aliyekwisha kulipa miaka saba au nane mara nyingi ndilo la nafuu.

Kwako wewe, zimebaki karatasi tatu. Mkataba ukifika, mpe mdhamini uliyemchagua nakala, na mama yako ajue jina la kampuni na namba ya bima. Kampuni haina njia ya kujua umekufa isipoambiwa. Fedha zisizodaiwa kwa miaka hatimaye hupelekwa kwa UFAA, mamlaka ya serikali inayoshika mali za fedha zisizodaiwa, na kuzitoa huko ni safari nyingine. Sacco, waulize kama mkopo wako una bima, nyingi zinayo, ili hizo 80,000 zifutwe na akiba yako isiguswe.

Ya tatu ni fomu ya bima ya kikundi kazini. Kwa mshahara wako ni shilingi 1,080,000, na sikuziweka kwenye hesabu kubwa kwa sababu siku ukiacha kazi zinabaki na mwajiri. Lakini maadamu upo, zipo. Umeniambia uliijaza ulipoajiriwa, miaka minne iliyopita, na mvulana ana miaka miwili. Nenda ofisi ya wafanyakazi uitoe kwenye faili uangalie ni jina la nani limeandikwa pale. Kama ni la baba yao, libadilishe wiki hii, na mdogo naye aingizwe.